Kutapika baada ya Kula Karanga au Yai: Mzio wa Chakula au Maambukizi ya Tumbo?

Mama mmoja alifika katika zahanati akiwa na binti yake wa miezi 11, mwenye uzito wa kilo 9. Mtoto alikuwa ametapika mara tatu asubuhi hiyo. Hakuwa na homa wala hakuhara, na alipofika alikuwa ameanza kucheza. Iliandikwa kwamba ana maambukizi ya tumbo, akapewa pakiti za ORS, akarudi nyumbani. Wiki tatu baadaye alirudishwa akiwa amelegea, anakohoa, na midomo imevimba. Safari hiyo muuguzi aliuliza swali ambalo halikuulizwa mara ya kwanza: “Mama, alikula nini, na alianza kutapika baada ya muda gani?” Mama akajibu, “Uji wa lishe, dada, ule wenye unga wa karanga. Hata bakuli sijaliosha. Na mara ile nyingine ilikuwa uji huohuo.”

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila mhudumu wa watoto atautambua. Kosa la siku ya kwanza halikuwa la uzembe. Watoto wengi wanaotapika huwa kweli na maambukizi ya tumbo, na anayeandika hivyo hupatia mara nyingi. Kinachowatenganisha wachache wenye mzio ni saa.

Katika mzio wa kawaida wa chakula, mwili wa mtoto umekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya karanga au ya yai. Protini hiyo inapoingia tena, seli za mzio humwaga histamini na kemikali nyingine papo hapo. Kwa hiyo kutapika huanza ndani ya dakika chache, na ni nadra kuchelewa zaidi ya saa mbili. Mara nyingi huandamana na jambo jingine nje ya tumbo: mabaka yaliyoinuka na yanayowasha, uvimbe wa midomo au kope, mafua ya ghafla, kikohozi. Homa si sehemu yake. Chakula kikishatoka na kemikali zikiisha nguvu, mtoto aliyepata shambulio dogo hurejea hali yake ndani ya saa chache, na hapo ndipo sisi hudanganyika tukadhani ORS imemponya.

Maambukizi ya tumbo, kama yale ya kirusi cha rota, hayafuati saa ya mlo. Mtoto huweza kutapika kabla ya kula, baada ya kunyonya, au usiku wa manane. Mara nyingi ana homa, na kuhara hufuata baada ya saa kadhaa au siku inayofuata, kukadumu siku kadhaa. Aghalabu kuna mwingine nyumbani au kwa jirani anayeumwa vivyo hivyo. Sumu ya chakula kilicholala nayo huleta kutapika kwa haraka, kwa kawaida baada ya saa 1 hadi 6, lakini huwashika wengi waliokula sufuria moja. Mtoto akitapika peke yake ilhali ndugu zake wamekula chakula kilekile na wako salama, mzio uwekwe mbele katika fikra.

Ngozi inastahili neno la ziada. Vitabu vingi husema “ngozi nyekundu”, na katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mvue mtoto nguo, mweke karibu na dirisha ili mwanga umpige kwa upande, kisha pitisha kiganja mgongoni na tumboni. Mabaka huhisika mkononi kabla ya kuonekana. Hata hivyo, shambulio kali la mzio huweza kutokea bila alama yoyote ya ngozi. Ngozi safi haimwondolei mtoto hatari.

Lipo pia umbo la pili la mzio, ambalo hupotosha zaidi. Hapa kingamwili zile hazihusiki. Utumbo wenyewe huvimba kwa sababu ya protini ya chakula, na yai ni mojawapo ya vichochezi vyake. Mtoto hula vizuri, hucheza, kisha baada ya saa 1 hadi 4 huanza kutapika mfululizo, hupauka na kulegea kana kwamba ana maambukizi ya damu. Hana mabaka wala kikohozi, na huenda akahara baadaye. Tiba yake kubwa ni maji: ya kunywa kama hali ni nyepesi, ya mshipa kama amelegea. Utambuzi hutokana na kujirudia: yai lilelile, muda uleule, bila homa.

Yai lina mtego mwingine. Mzazi husema, “Lakini keki anakula!” Joto la muda mrefu ndani ya unga hubadilisha protini za yai, hivyo wapo watoto wanaovumilia keki na kutapika kwa yai la kuchemsha. Karanga haziko hivyo. Kuzikaanga hakuziondolei mzio. Mhudumu akumbuke pia kwamba chakula tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali, kile cha pakiti, kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga.

Sasa dalili za dharura. Baada ya mlo uliotiliwa shaka, mtoto apelekwe mara moja akipumua kwa shida au kwa mlio, akikohoa mfululizo, sauti yake ikikwaruza, ulimi ukivimba, akipauka, akilegea au kusinzia isivyo kawaida. Kutapika kwa kurudiarudia pamoja na mabaka baada ya chakula chenye mzio kunatosha kuitwa shambulio kali. Usisubiri pumzi ibadilike.

Njiani mtoto alazwe mapajani, miguu ikiinuliwa kidogo. Anayetapika alazwe ubavu. Anayepumua kwa shida aachwe akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Kumfunga mgongoni wima juu ya bodaboda, kama tulivyozoea, ni hatari: shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimamishwa wima huweza kusimamisha moyo.

Kituoni dawa ya kwanza ni adrenalini, katika msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo. Kwa adrenalini ya miligramu 1 katika mililita 1, binti yetu wa kilo 9 anahitaji mililita 0.09, inayovutwa kwa sindano ya mililita 1. Dozi moja kwa mtoto isizidi miligramu 0.3. Kama hali haijabadilika baada ya dakika 5, rudia. Oksijeni na maji ya mshipa hufuata. Dawa za kuzuia histamini hupunguza muwasho tu. Hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi shinikizo la damu, na kuanza nazo ni kupoteza dakika. Hata akipata nafuu, aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa maana shambulio huweza kurudi bila kula tena.

Binti yule alipata sindano moja, na baada ya dakika kumi akaanza kulia kwa nguvu. Alilazwa hadi asubuhi. Kwenye kadi yake ya kliniki muuguzi aliandika kwa herufi kubwa: KARANGA, DAKIKA 10, KUTAPIKA, MABAKA, KIKOHOZI. Mama aliambiwa asijaribu karanga nyumbani “kuona kama imepita”, akapewa rufaa ya kupimwa. Alipouliza kama kaka mtu naye aache karanga, jibu lilikuwa hapana: amekuwa akizila tangu utotoni bila shida, aendelee, ila anawe mikono na mdomo kabla ya kumbeba mdogo wake.