SOMO: RANGI ZA MAFUTA JUU YA MAJI

Mvua imenyesha Goma. Katika mwamba mweusi wa volkano kuna shimo lenye maji. Pikipiki imesimama hapo na mafuta ya mashine yamedondoka majini. Sasa maji yana rangi nyingi.

Mtoto mmoja anasema, "Mwalimu, mafuta ni mengi! Shimo zima linang'aa kijani." Mwenzake anajibu, "Hapana, ni matone machache tu." Nani amesema kweli? Hatuwezi kupima mafuta hayo kwa rula, lakini rangi yenyewe itatuambia.

Nuru husafiri kwa mawimbi. Kila wimbi lina kilele na bonde, kama mawimbi ya Ziwa Kivu, lakini ni fupi mno. Tunalipima kwa nanometa. Milimita 1 ina nanometa milioni 1. Hewani, wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa nanometa 540.

Nuru ya jua inapofika kwenye mafuta, sehemu yake inarudi kutoka uso wa juu. Sehemu nyingine inaingia ndani, inafika kwenye maji, na kutoka hapo inarudi juu. Basi jichoni mwetu yanafika mawimbi mawili. Kilele kikikutana na kilele, rangi inakuwa na nguvu. Kilele kikikutana na bonde, rangi inazimika.

Kabla ya kuhesabu, jueni mambo mawili.

La kwanza: ndani ya mafuta haya nuru inakwenda polepole, na wimbi linakuwa fupi. Tunagawa kwa 1,5.
540 : 1,5 = 360
Ndani ya mafuta wimbi la kijani lina nanometa 360.

La pili: fungeni kamba kwenye mti, shikeni ncha ya pili, mkaitikise mara moja kwenda juu. Nundu inakwenda hadi mtini, kisha inarudi ikiwa chini. Imepinduka. Nuru inayotoka hewani na kugonga mafuta inarudi imepinduka vivyo hivyo, kwa sababu ndani ya mafuta mwendo wake ni mdogo zaidi. Lakini inayogonga maji kutoka ndani ya mafuta haipinduki, kwa sababu majini nuru inakwenda upesi kuliko katika mafuta.

Basi wimbi la kwanza limepinduka, la pili halikupinduka. Ili vilele vikutane, wimbi la pili lazima lichelewe nusu wimbi, yaani nanometa 180. Njia yake ni kushuka na kupanda, kwa hiyo unene wa mafuta ni nusu ya hiyo:
180 : 2 = 90

Tukiongeza unene kwa nanometa 180, kushuka na kupanda kunaongeza 360, yaani wimbi moja zima, na vilele vinakutana tena. Kwa hiyo kijani kina nguvu katika unene wa nanometa 90, 270, 450, na kuendelea.

Anayesahau kupinduka kwa wimbi atasema 180. Hapo hasa ndipo kijani kinapozimika, na jicho linaona zambarau nyekundu.

Je, mafuta ya shimo letu ni 90 au 270? Tazameni kutoka pembeni, mahali mafuta ni membamba, kuelekea katikati. Kwanza kuna rangi ya fedha, kisha manjano, zambarau, buluu, halafu kijani. Katika nanometa 90 rangi nyingine zote nazo zina nguvu karibu sawa na kijani. Zikichanganyika, jicho linaona fedha tu. Kijani cha kwanza kinachoonekana wazi ni cha nanometa 270.

Sasa tupime. Kijani kimefunika meta mraba 1, yaani sentimeta mraba 10 000. Nanometa 270 ni sentimeta 0,000 027.
10 000 × 0,000 027 = 0,27
Ni sentimeta za ujazo 0,27. Tone moja ni karibu 0,05. Basi ni matone matano hivi! Mtoto wa pili amesema kweli.

Angalieni pia: hesabu hii ni ya kutazama wima, kutoka juu. Ukiinama na kutazama kwa upande, rangi zinabadilika ingawa mafuta ni yale yale. Na mafuta yakiwa manene sana, rangi nyingi zinapata nguvu pamoja, na upinde unapotea. Kwa hiyo unapochota maji ziwani, usiseme mahali pasipo rangi hapana mafuta.

MASWALI
1. Kwa nini wimbi la kwanza linapinduka, na la pili halipinduki?
2. Wimbi jekundu lina nanometa 660 hewani. Lina urefu gani ndani ya mafuta haya?
3. Tafuta unene tatu za kwanza zinazoipa nuru hiyo nyekundu nguvu.