Mvumo katika moyo wa mtoto: unasikika lini, wapi na kwa nguvu kiasi gani

Swali la wiki hii limetoka kwa mzazi wa Chukwani, Unguja. Mwanawe wa miaka 5 alipelekwa kituo cha afya kwa sababu ya homa, na daktari aliyempima alisikia sauti ya ziada katika moyo, kisha akaandika kwenye karatasi yake: mvumo wa wakati wa kusinyaa, daraja la 2 kati ya 6, kushoto, chini kando ya kidari. Mzazi anauliza iwapo mtoto ana tundu kwenye moyo, na iwapo azuiwe kucheza mpira.

Maneno hayo machache ya daktari yamebeba habari nyingi. Moyo wenye afya hutoa sauti mbili katika kila pigo: ya kwanza hutokea pale vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zinapofunga, na ya pili pale vali za kutokea damu, zinazoelekea mapafuni na mwilini, zinapofunga. Kati ya sauti ya kwanza na ya pili moyo husinyaa na kusukuma damu, na baada ya sauti ya pili hulegea na kujaa upya. Mvumo ni sauti inayosikika katika nafasi hizo ambazo kwa kawaida huwa kimya, na hutokana na damu kupita kwa msukosuko, ama kwa kuwa inakwenda kwa kasi kubwa, ama kwa kuwa njia yake ni nyembamba, inavuja au imetoboka pasipostahili.

Jambo la kwanza analolitafuta daktari ni wakati, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mvumo wa wakati wa kusinyaa unaweza kuwa wa kawaida au wa ugonjwa, lakini ule unaosikika wakati moyo unapolegea huhesabiwa kuwa wa ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata ukiwa hafifu kiasi cha kumlazimu daktari azime feni ili ausikie. Kwa mtoto mwenye homa kazi hii ni ngumu, kwa sababu moyo unapokwenda mbio nafasi mbili hizo hukaribia kulingana urefu, na daktari hulazimika kugusa mshipa wa shingoni huku akisikiliza, kwani sauti inayokwenda sambamba na pigo la mshipa ndiyo ya kwanza.

Daraja linalotajwa kwa nambari lilipendekezwa mwaka 1933 na Samuel Levine, daktari wa Boston, Marekani. Daraja la 1 husikika baada ya kutega sikio kwa muda. La 2 ni hafifu lakini husikika mara moja. La 3 ni kubwa bila mtetemo. Na kuanzia la 4 kiganja kikiwekwa kifuani huhisi mtetemo chini ya ngozi. La 6 husikika hata kifaa cha kusikilizia kikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Mtetemo huo ni mpaka muhimu, kwa kuwa mvumo usio na madhara haufiki daraja la 4.

Hata hivyo wazazi wengi huidhania nambari hiyo kuwa ni kipimo cha ukubwa wa ugonjwa, na hapo ndipo hofu isiyo na msingi, na pengine utulivu usio na msingi, huanzia. Tundu dogo katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini hutoa mvumo mkali unaojaza nafasi yote ya kusinyaa, kama vile maji yanavyochuruzika kwa kelele pale mdomo wa mpira unapobanwa kwa kidole. Tundu kubwa sana, ambalo ndilo hatari, linaweza kutoa sauti ndogo zaidi. Vilevile tundu kati ya vyumba viwili vya juu hutoa mvumo laini wa daraja la 2 kushoto, juu kando ya kidari, ambao ni rahisi kuudhania wa kawaida, na kinachoufichua ni sauti ya pili ya moyo: kwa mtoto mzima sauti hiyo hugawanyika anapovuta pumzi na kuungana anapoitoa, ilhali kwa mwenye tundu hilo hubaki imegawanyika muda wote.

Sasa mtoto wa Chukwani. Mahali palipotajwa, chini kushoto mwa kidari, ndipo panaposikika tundu la vyumba vya chini, lakini ndipo panaposikika pia mvumo usio na madhara ulio maarufu kuliko yote utotoni, ulioelezwa mwaka 1909 na daktari wa watoto wa Uingereza, George Frederic Still. Mvumo wa Still ni mfupi, una mlio wa uzi unaotetema, hukaa mahali pamoja bila kuenea mbali, na hupatikana zaidi kwa watoto wa umri wa kuanza skuli. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mtoto akiwa amelala chali, kisha amkalishe au amsimamishe: damu inayorudi moyoni hupungua, na mvumo huo hufifia au hupotea kabisa. Mvumo wa tundu la vyumba vya chini haubadiliki sana kwa kukaa au kusimama, na ule wa ugonjwa wa misuli ya moyo iliyonenepa huongezeka mtoto anaposimama, jambo ambalo ni onyo kubwa.

Homa yenyewe huongeza kasi ya damu na kuukuza mvumo, na upungufu wa damu, uwe wa malaria au wa selimundu, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hatua inayomfaa mtoto huyu ni kusikilizwa tena homa ikiisha na kupimwa kiwango cha damu. Ikiwa mvumo umefifia, sauti ya pili ni ya kawaida, mapigo kwenye nyonga yana nguvu, na mtoto anakua na kukimbia na wenzake bila kuhema kupita kiasi, mvumo huo ni wa kawaida na mpira hauna kizuizi.

Ugonjwa mmoja usisahaulike katika visiwa na mwambao huu, nao ni wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka. Huo huvujisha vali ya kushoto, na mvumo wake hujaza nafasi yote ya kusinyaa, husikika zaidi karibu na chuchu ya kushoto na kuenea kuelekea kwapani. Mtoto aliyewahi kuvimba na kuumwa viungo kimoja baada ya kingine anahitaji kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa akithibitika kuwa na ugonjwa huo hudungwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 ili usimrudie.

Eko huhitajika pia bila kungoja kwa mtoto yeyote mwenye mvumo anayezirai akikimbia, mwenye midomo na ulimi wa buluu, au mchanga anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya huku uzito hauongezeki. Panapohitajika upasuaji, rufaa inaweza kumpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Karatasi ile ya kliniki iende naye kila anapopelekwa, ili daktari wa pili alinganishe wakati, mahali na daraja alilosikia mwenyewe na yale yaliyosikiwa siku ya homa.