Pete ya tanzanaiti ya kila siku: kito kishikwe vipi?

Una tanzanaiti yako na unakwenda kwa sonara akutengenezee pete. Kabla hujachagua muundo uliokuvutia machoni, amua kwanza jinsi kito kitakavyoshikwa, hasa kama pete hiyo utakuwa nayo kidoleni tangu asubuhi hadi usiku.

Tanzanaiti si almasi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko kati ya 6 na 7, wakati safaya ni 9 na almasi ni 10. Chembe za mchanga zinafika 7, kwa hiyo hata vumbi likisuguliwa juu yake linaweza kuacha mikwaruzo. Tena ina upande mmoja ambao ukigongwa vibaya hupasuka kirahisi. Kinachoumia mara nyingi ni ukanda mwembamba wa pembeni, pale kito kinapokuwa kipana kuliko kwingine. Basi mtindo wowote utakaouangalia, jiulize: huo ukanda umelindwa?

Anza na vikucha, au prongi kama masonara wengi wanavyoviita. Kito kinashikwa na ncha nne au sita tu, mwanga unaingia kila upande, na bluu ya tanzanaiti inaonekana vizuri mno. Lakini pembeni kiko wazi, na ncha zinanasa kwenye sweta, nywele na glavu. Ukivitaka, omba sita kwa kito cha duara au cha yai. Kikucha kimoja kikikatika kati ya sita, vitano vilivyobaki bado vinashika. Kati ya vinne, unaweza kukipoteza kito siku hiyohiyo. Kito chenye kona zilizochongoka kinahitaji kikucha chenye umbo la V kwenye kila kona.

Vikucha vinalika polepole, hivyo vikague kila mwezi. Pitisha soksi nyepesi ya nailoni juu ya pete. Ikinasa, kuna ncha iliyoinuka. Kisha shika pete karibu na sikio na uigonge kidogo kwa kidole. Ukisikia kito kinacheza, ivue hapohapo na uipeleke kwa sonara.

Mtindo wa pili ni ukingo, yaani bezeli: ukuta mwembamba wa dhahabu unaozunguka kito chote na kukunjwa juu yake. Huu ndio ninaoupendekeza kwa tanzanaiti ya kazini. Ukanda wa pembeni umefunikwa, na pigo la ubavuni linapokelewa na dhahabu. Utapoteza mwanga kidogo, na kito kitaonekana kidogo zaidi. Punguza hasara hiyo kwa kuomba sehemu ya chini iachwe wazi. Pia utaweza kusafisha sabuni na mafuta yanayojikusanya huko.

Mfereji, au chaneli, hupanga vito vidogo mstari mmoja kati ya kuta mbili, bila chuma katikati yao. Juu ni laini, haunasi kitu. Ila vito vinakaa bega kwa bega, na kimoja kikilegea jirani zake nao huanza kusogea. Kuubana kunahitaji nguvu, kwa hiyo tumia almasi au safaya humo, usiweke tanzanaiti. Na usikubali mfereji unaozunguka pete nzima, maana kubadili saizi baadaye kunakuwa kugumu sana.

Sasa tuchukue mfano wa nesi mwenye tanzanaiti ya yai, milimita 8 kwa 6. Anavaa na kuvua glavu kutwa nzima na ananawa mikono kila mara. Vikucha vitamchania glavu. Mimi ningempa ukingo kamili wa dhahabu ya karati 18, ambayo ni laini kuliko ya karati 14 na hukunjika bila kukikandamiza kito sana. Kito kikae chini, karibu na kidole. Akitaka kung'arisha pembeni, almasi tatu kila upande ndani ya mfereji mfupi zinatosha, na nyuma ya pete ibaki dhahabu tupu ili saizi iweze kubadilishwa.

Siku ya kuipokea, zungusha ukucha wako kwenye ukingo wote. Usihisi mwanya popote kati ya dhahabu na kito. Nyumbani, isafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini. Mashine ya mitetemo na mvuke zisiiguse.

Jambo la mwisho, moto. Tanzanaiti inaweza kupasuka joto likibadilika ghafla. Kidole kipimwe na kazi yote ya kuchomelea imalizike kabla kito hakijapachikwa. Pete ikikubana baadaye, mwambie sonara akitoe kito kwanza ndipo awashe moto. Akisema hakuna haja, chukua pete yako utafute sonara mwingine.