Buti za Kazi ya Ujenzi: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Mkazi anayenunua buti za ujenzi, mpya au za mtumba, aanze kwa kutafuta alama S3 kwenye ulimi wa buti. Alama hiyo humaanisha kuwa kofia ngumu iliyo mbele ya vidole inahimili pigo la jouli 200, yaani mzigo wa kilo 20 unaoanguka kutoka kimo cha mita 1 hivi, na kwamba soli ina kinga dhidi ya misumari. Kofia iliyokwisha kubonyea isiaminiwe tena.

Soli ikunjwe kwa mikono. Ikipasuka au kumeguka, imezeeka, hata kama ngozi yake inang'aa. Meno yawe marefu, yenye nafasi ya kutoa tope.

Shingo ya buti ifunike kifundo cha mguu na kamba zifungwe hadi juu, ili mguu usiteguke kirahisi kwenye kifusi.

Buti zijaribiwe jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo, pamoja na soksi za kazi. Mtu ashukapo ngazi, vidole visigonge kofia, wala kisigino kisichomoke. Buti inayobana dukani huvuliwa kazini kabla ya jua kutua, na kinga yake huishia hapo.