Miliwati-saa Zilizopotea: Namna ya Kusoma Ripoti ya Betri ya Kompyuta

Alama ya betri kwenye kona ya skrini ikionyesha asilimia 100, inakwambia jambo moja tu: betri imejaa kadiri inavyoweza kujaa leo. Haikwambii imejaa kiasi gani. Betri iliyotoka kiwandani juzi na betri iliyotumika miaka minne zote huandika 100, kisha moja ikakufikisha jioni na nyingine ikazimika kabla ya adhuhuri. Asilimia ni sehemu ya kitu kizima, na kwenye betri kile kizima chenyewe hupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya betri aache asilimia kwanza, atafute ukubwa wa kile kizima.

Ukubwa huo hupimwa kwa wati-saa. Kompyuta inayokula wati 10 ikikaa imewashwa kwa muda wa saa moja, imetumia wati-saa 10. Windows hupenda kuandika kwa kipimo kidogo zaidi, miliwati-saa, ambacho kwenye skrini utakiona kama mWh. 1,000 za hizo ni wati-saa 1. Betri ya kompyuta mpakato ya kawaida huwa na wati-saa 40 hadi 60 ikiwa mpya.

Hesabu zote hizi tayari zimo ndani ya kompyuta yako, na huhitaji kupakua programu yoyote. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua Command Prompt, kisha andika amri hii na ubonyeze Enter:

```
powercfg /batteryreport
```

Kompyuta itajibu kwa mstari mmoja unaotaja mahali ilipoweka faili liitwalo battery-report.html. Mara nyingi ni kwenye folda yenye jina lako, ndani ya C:\Users. Lifungue kama unavyofungua ukurasa wa mtandaoni, ingawa intaneti haihitajiki.

Shuka mpaka kichwa kilichoandikwa Installed batteries. Tuchukue mfano wa kompyuta ya mtumba yenye maandishi haya: DESIGN CAPACITY 50,000 mWh, FULL CHARGE CAPACITY 36,480 mWh, CYCLE COUNT 412. Namba ya kwanza ni uwezo ambao kiwanda kilikusudia. Ya pili ni uwezo wa leo betri ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 36,480 kwa 50,000 ni 0.73. Betri imebakiwa na asilimia 73 ya uwezo wake, na uchakavu ni asilimia 27.

Asilimia hiyo haina maana mpaka uigeuze kuwa muda. Kwenye ripoti hiyohiyo, chini ya Recent usage, kila mstari una saa na kiasi kilichobaki. Tuseme saa 3:10 asubuhi, ambayo ripoti huiandika 09:10, kompyuta ilikuwa imechomolewa kwenye umeme ikiwa na 35,900 mWh; saa moja baadaye zimebaki 26,700. Zimekwenda 9,200, yaani kompyuta inakula takriban wati 9. Ukigawanya 36,480 kwa 9,200 unapata muda wa karibu saa nne. Betri ileile ingekuwa mpya, kazi ileile ingeipeleka karibu saa tano na nusu. Hiyo saa moja na nusu ndiyo asilimia 27 iliyopotea, na sasa mnunuzi anaweza kujiuliza kama kazi zake zinaihitaji au hazihitaji.

Imepotelea wapi? Ndani ya kila seli ya betri kuna pande mbili, na ioni za lithiamu husafiri kati yake kupitia kimiminika kiitwacho elektroliti. Ukichaji, ioni huhamia upande wa grafiti na kujipenyeza katikati ya tabaka zake. Ukitumia kompyuta, hurudi zilikotoka. Tatizo ni kwamba elektroliti haivumilii kugusana na grafiti iliyojaa lithiamu. Huvunjikavunjika na kuacha utando mwembamba juu ya grafiti. Utando huo hujengeka kwa makusudi kiwandani betri inapochajiwa mara ya kwanza, na una faida kubwa, kwani huzuia elektroliti iliyobaki isiendelee kuharibika. Lakini umetengenezwa kwa lithiamu, na hauachi kabisa kukua. Kila unaponenepa, ioni kadhaa hunaswa humo na hazisafiri tena. Ioni zinazosafiri zikipungua, wati-saa zinapungua.

Ukielewa utando huo, utaelewa kwa nini CYCLE COUNT peke yake hudanganya. Mzunguko mmoja ni matumizi yanayojumlika kuwa betri nzima: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umehesabiwa mzunguko 1. Watu wengi huangalia namba hiyo kama wanavyoangalia kilomita za gari, wakiamini kwamba mizunguko michache ni dalili ya betri nzuri. Lakini utando hukua hata kompyuta isipochomolewa kabisa, na vitu viwili huuharakisha zaidi: joto, na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa. Kompyuta iliyokaa miaka mitatu juu ya meza ya ofisi yenye joto, chaja ikiwa imechomekwa usiku na mchana, inaweza kuwa na mizunguko 60 tu na bado ikawa imepoteza robo ya uwezo. Kwa mtumiaji wa Dar es Salaam au Mombasa jambo hili ni la kila siku. Ndiyo maana kompyuta nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na kwa anayefanya kazi mezani muda wote naushauri bila kusita.

Sasa swali ambalo ripoti yenyewe haikuulizi: ile 36,480 imejulikanaje? Hakuna chombo kinachoweza kuchungulia ndani ya seli na kuhesabu ioni. Ndani ya betri kuna chipu ndogo inayofanya kazi kama mwenye duka na daftari lake. Hupima mkondo unaoingia na unaotoka, huuzidisha kwa muda, na kuandika: zimeingia kadhaa, zimetoka kadhaa. Kila kipimo kina kosa dogo, na makosa madogo hurundikana. Mwenye duka hurekebisha daftari lake siku anapohesabu mali iliyopo rafuni. Chipu nayo hurekebisha lake betri inapofika mahali panapotambulika kwa volti: seli nyingi za kompyuta huwa na karibu volti 4.2 zikijaa, na karibu 3 zikiisha. Katikati, volti hubadilika kidogo mno kiasi cha kutotegemewa.

Kwa hiyo kompyuta isiyochomolewa kamwe ina chipu ambayo haijawahi kuona chini ya betri yake. Namba yake inaweza kuwa ya zamani, nzuri au mbaya kuliko ukweli. Ukiitilia shaka, chaji mpaka 100 na uiache imechomekwa saa moja au mbili zaidi. Kisha ichomoe, uitumie kwa kazi za kawaida mpaka ijizime yenyewe, iache ipoe, halafu ichaji mpaka mwisho bila kukatisha. Toa ripoti upya. Ikiwa asilimia 73 imekuwa 77, betri haijapona. Daftari ndilo limesahihishwa. Usilifanye hili kila wiki, maana kuikausha betri mpaka mwisho nako kunaichosha.

Jambo hilohilo linaeleza kitu kinachowashtua wengi kwenye sehemu iitwayo Battery capacity history, ambako uwezo wa betri umeorodheshwa kipindi baada ya kipindi. Unaweza kuona 44,000 ikikaa hivyo kwa miezi, kisha wiki moja ikaanguka hadi 38,000. Kemia ya utando haiendi kasi namna hiyo. Mara nyingi uwezo ulikuwa unapungua polepole muda wote, na wiki hiyo chipu ikapata nafasi ya kuhesabu upya.

Historia hiyo ina mpaka mwingine ambao mnunuzi wa kompyuta za mtumba lazima aujue. Huhifadhiwa na Windows, si na betri. Muuzaji akiwa ameweka Windows upya jana, historia inaanza jana. Mizunguko na uwezo wa leo, kwa upande mwingine, husomwa kutoka kwenye chipu ya betri, kwa hiyo haviondoki Windows ikifutwa. Ukikuta kompyuta ya miaka mitano yenye FULL CHARGE CAPACITY iliyolingana na DESIGN CAPACITY tarakimu kwa tarakimu, na mizunguko imeandikwa 0 au kistari tu, jua kwamba huenda betri imebadilishwa, au chipu yake haitoi hesabu za kweli. Kistari peke yake si kosa, maana zipo betri ambazo haziripoti mizunguko. Namba mbili zinazolingana kabisa kwenye betri kongwe ndizo za kutiliwa shaka.

Kuna uchakavu wa pili ambao ripoti hii haiuandiki popote: ukinzani wa ndani. Utando ukinenepa, ioni hupita kwa shida, na volti hushuka kila unapodai mkondo mkubwa. Chukua seli yenye volti 3.5 ikiwa imetulia. Kompyuta ikivuta ampea 3, na ukinzani ni omu 0.05, volti inapungua 0.15 tu. Ukinzani ukipanda hadi omu 0.2, inapungua 0.6, na seli inabaki na 2.9. Hapo iko chini ya mpaka wake, na mfumo unakata umeme ili kuilinda, ingawa daftari bado linasema chaji ipo. Hii ndiyo kompyuta inayozimika ghafla ukifungua video, kisha ukichomeka chaja inaonyesha chaji bado ipo.

Kuigundua betri ya namna hii kunahitaji kuitesa kidogo. Chomoa chaja betri ikiwa kwenye asilimia 60, pandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho, cheza video nzito na ufungue programu kadhaa kwa pamoja. Iangalie ikishuka hadi 20. Betri yenye afya hushuka kwa mwendo unaofanana. Iliyochoka huruka, kwa mfano kutoka 41 hadi 28 ndani ya dakika moja, au huzima. Ukiwasha tena na kutoa ripoti mpya, Recent usage inaweza kuonyesha mstari wa mwisho kabla ya kuzimika ukiwa na asilimia nyingi zisizotumika.

Wenye Mac watapata namba zao kwenye System Information, sehemu ya Power, penye Cycle Count na Condition. Kwenye Linux, faili za energy_full na energy_full_design huwa ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0 kwenye mashine nyingi, na kugawanya ni kulekule.

Kabla ya kulipia, ifunge kompyuta na uiweke juu ya meza tambarare. Ikiyumba, au padi ya kugusa imeinuka na haibonyezeki, betri imevimba kwa gesi. Hiyo usiitumie wala usiibonyeze irudi, hata kama ripoti inasema asilimia 90. Ni ya kutolewa na fundi.