Kuiva kwa Nyama ya Nguruwe: Rangi ya Waridi na Kipimo cha Joto

Kitenzi ‘kuiva’ hutumika kwa embe lililogeuka rangi mtini na pia kwa nyama iliyokaa motoni. Kwa embe, jicho ni shahidi mwaminifu. Kwa nyama ya nguruwe, shahidi huyo hudanganya, tena hudanganya pande zote mbili. Makala haya yanachunguza iwapo nyama hiyo ni salama ikiwa bado ina wekundu mdogo ndani, kwa kuzingatia mazingira ya Cheptais, kwenye mteremko wa Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma.

Wekundu wa nyama hutokana na protini iitwayo mioglobini. Joto huivuruga protini hiyo na kuigeuza kijivu, lakini si katika kiwango kimoja kwa kila mnyama na kila kiungo. Aidha, moshi wa kuni na makaa una gesi zinazoshikamana na mioglobini, hivyo nyama choma huweza kubaki na ukanda wa waridi karibu na uso wake hata ikiwa imeiva barabara. Kinyume chake, nyama ya kusaga huweza kugeuka kijivu kabla ya vijidudu kufa. Kwa hiyo kinachoamua ni joto la kitovu cha nyama.

Mwaka 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango chake cha nyama ya nguruwe isiyosagwa kutoka nyuzi 71 za selsiasi hadi 63, kwa sharti kwamba nyama iachwe itulie dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga ilibaki kwenye 71, kwa sababu kusaga huwapeleka ndani bakteria waliokuwa juu. Kwa kiwango cha 63, kipande huweza kuwa na waridi katikati na bado kikawa salama.

Hata hivyo, kiwango hicho kiliwekwa kwa nguruwe wanaofugwa ndani na kukaguliwa wanapochinjwa. Magharibi mwa Kenya hali si hiyo kila mahali. Nguruwe wengi huachwa wazurure, na penye upungufu wa vyoo hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu. Mayai hayo huwa viluwiluwi ndani ya misuli, kila kimoja katika kifuko cheupe mfano wa punje ya mchele. Mchinjaji makini huvitafuta kwenye ulimi, moyo na misuli ya taya. Akiviona, nyama hiyo haifai kuuzwa. Asipoviona, haina maana kwamba havipo, kwani vikiwa vichache hupita bila kuonekana. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani hutaka nyama ya kuondolewa viluwiluwi hivyo ifikishe nyuzi 80 kwenye kitovu, au igandishwe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku kumi.

Hapa kuna kosa la kawaida linalostahili kusahihishwa. Husemwa kwamba nyama mbichi ya nguruwe huleta kifafa. Mwenye kula kiluwiluwi hai hupata tegu tumboni. Kifafa hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwa mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Viluwiluwi vyake ndivyo vinavyokaa ubongoni. Hivyo asiyeonja nguruwe maishani naye huweza kupatwa, na mlaji wa nyama isiyoiva huweza kumwambukiza jirani yake.

Chukuliwe mfano wa paja lenye unene wa sentimeta sita juu ya makaa. Kipimajoto kinachomekwa katikati, mbali na mfupa, na kinasoma 58: nyama inarudi motoni. Kinaposoma 65, inaepuliwa na kuachwa dakika tatu. Ikikatwa ina waridi. Kama nguruwe alifugwa bandani na kupigwa muhuri wa mkaguzi, nyama hiyo inalika. Kama alichinjwa nyuma ya nyumba baada ya kuzurura kijijini, hailiki bado. Njia nyepesi kwa huyo wa pili ni kumkata vipande vidogo, visivyozidi sentimeta tatu, na kuvichemsha hadi vilainike kabisa. Mchuzi unaotokota huvipitisha nyuzi 80 bila shida, ilhali mnofu mnene juu ya makaa huungua nje huku kitovu kikiwa nyuma.

Kipimajoto chenyewe hujaribiwa kwenye maji yanayotokota, lakini kanuni ya nyuzi 100 ni ya Mombasa. Katika miinuko ya Cheptais maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi au chini kidogo. Kifaa kinachosoma 100 huko kimezidisha, na nyama ambayo kinaiita 65 huenda ikawa 60 tu.