Benchi likila mbao pungufu, je, mpango unabadilika?

Umeshalitatua tatizo lako la kupanga uzalishaji, jibu limetoka, kisha fundi anakuambia: "Nimepata namna ya kukata. Benchi sasa halili mbao tatu." Bei haikuguswa, akiba ya mbao haikuguswa. Kilichobadilika ni kizigeu kilicho ndani ya sharti lenyewe. Si lazima uanze upya. Kwanza tazama kama bidhaa hiyo imo kwenye msingi au iko nje, maana hesabu za hali hizo mbili hazifanani kabisa.

Tuchukue karakana yenye mbao 80 na saa 60 za kazi kwa wiki. Meza inakula mbao 4 na saa 2, na faida yake ni shilingi elfu 40. Kabati dogo ni mbao 2, saa 3, faida elfu 28. Benchi ni mbao 3, saa 2, faida elfu 26. Jibu bora ni meza 15, kabati 10, benchi hakuna, na faida elfu 880. Bei kivuli ya ubao mmoja ni elfu 8, ya saa moja elfu 4.

Benchi liko nje ya msingi, kwa hiyo kazi ni ya dakika moja. Litoze benchi kwa bei kivuli: 3 × 8 + 2 × 4 = 32. Rasilimali zake zina thamani ya elfu 32 nalo linaleta 26, ndiyo maana limeachwa. Fundi akishusha mbao hadi 2.5, gharama inakuwa 28, bado linaachwa, na hakuna namba nyingine inayotikisika. Mpaka uko pale 8a + 8 = 26, yaani mbao 2.25. Akifika mbao 2, gharama ni 24 na benchi linabisha hodi. Hapo endelea na simpleksi kutoka ulipoishia: kabati linatoka, unapata meza 10 na benchi 20, faida elfu 920.

Ugumu uko kwenye bidhaa iliyo ndani ya msingi. Meza ikibadilika, matriki ya msingi inabadilika, na bei kivuli ulizozizoea hazifai tena. Wengi hukosea hapa kwa kuzitumia zilezile za zamani. Utahitaji kinyume cha matriki ya msingi, ambacho kwenye jedwali la mwisho kiko chini ya safu za mabaki:

```
          mbao    saa
meza      3/8    -2/8
kabati   -2/8     4/8
```

Tuseme meza inashuka kutoka mbao 4 hadi 3, badiliko la −1. Chukua namba iliyo kwenye mstari wa meza na safu ya mbao, 3/8, uzidishe kwa badiliko, ujumlishe 1: unapata 5/8. (Ikitoka sifuri, msingi umekufa; tatua upya.) Meza mpya ni 15 ÷ 5/8 = 24. Mbao zilizobaki ni 80 − 72 = 8, zinatosha kabati 4, na saa zinatimia: 48 + 12 = 60.

Hesabu hiyo inaonyesha tu kwamba mpango unawezekana. Ubora unapimwa kivyake. Bei kivuli mpya lazima zilipe faida ya meza na ya kabati barabara: 3u + 2v = 40 na 2u + 3v = 28. Zinatoka u = 12.8 na v = 0.8, zote si hasi. Benchi sasa lina gharama ya 3 × 12.8 + 2 × 0.8 = 40, zaidi ya 26. Msingi umebaki bora, na faida imepanda hadi elfu 1,072.

Usiruke kipimo hicho cha pili. Meza ikishuka hadi mbao 2.8, msingi unatoa meza 27.27 na kabati 1.82, namba chanya zinazopendeza macho. Lakini bei kivuli ya saa inatoka karibu −0.36: ni heri kuacha saa chache bila kazi na kutengeneza meza tupu. Upande wa pili nao una mshangao. Meza ikianza kupoteza mbao na kufika 7, gharama ya benchi inashuka hadi karibu 24.9, na benchi linaingia ingawa halikuguswa. Kwa kizigeu hiki, msingi unabaki bora kati ya mbao 2.86 na 6.18 hivi.

Usiitafute mipaka hiyo kwenye ripoti ya Solver ya Excel. Ripoti yake ya `Sensitivity` inatoa mipaka ya faida na ya akiba pekee. Hii ya ndani ya masharti utaikokotoa mwenyewe.